Rangi za kadi ya fundi au msusi: mteja mgeni anaangalia nini kabla ya kutuma dipoziti

Mteja akimpelekea fundi mita nne za kitenge, anaacha vitu viwili nyuma: kitambaa na dipoziti. Kitambaa hakina risiti. Dipoziti ina ujumbe kwenye simu, lakini ujumbe huo unataja jina na kiasi. Hausemi kibanda kiko mtaa gani wala gauni litakuwa tayari lini. Kinachobaki mkononi mwa mteja ni kadi yako. Kwa saluni mambo ni hayo hayo: anayetuma shilingi 500 kushika nafasi ya kusukwa Jumamosi asubuhi mara nyingi ameona kipeperushi tu, pengine kwenye stetasi ya WhatsApp ya rafiki yake.

Ndiyo maana swali la rangi si la urembo peke yake. Mteja ambaye hajawahi kukuona anatumia kadi hiyo kujiuliza: huyu mtu yupo kweli? Nikimtafuta nitampata? Nambari hii ni yake? Hapa chini tunaeleza jinsi ya kuchagua rangi zinazomsaidia kujibu maswali hayo, na jinsi ya kuhakikisha rangi ulizochagua ndizo zitakazotoka kwa mchapishaji.

Hakuna rangi moja ya uaminifu

Huenda umewahi kuambiwa kwamba buluu ndiyo rangi ya kuaminika. Angalia benki za hapa Kenya. Stanbic inatumia buluu, Equity inatumia maruni na kahawia, Co-operative inatumia kijani, Absa inatumia nyekundu. Zote zinakaa na pesa za watu, na hakuna mteja anayeikimbia moja kwa sababu ya rangi yake. Zinachofanana ni kitu kingine: kila moja imeshika rangi yake kila mahali. Mlango wa tawi, kadi ya ATM na tangazo la barabarani vinafanana, kwa hiyo ukiona kimoja unajua uko mahali pale pale.

Kitu hicho hata kibanda cha futi kumi kwa kumi kinaweza kukifanya. Mteja akishika kadi yenye buluu iliyokolea, akafika mtaani akaona mlango wa buluu hiyo hiyo na bango la buluu hiyo hiyo, hatauliza tena kama amefika. Lakini kama kadi ni ya waridi, kipeperushi ni cheusi na mlango ni wa kijani, anaanza kujiuliza kama ni biashara moja au tatu.

Anza na mlango wako

Wengi huanza kwa kuchagua rangi kwenye simu ya dizaina. Sisi tunakushauri uanze nje ya duka lako. Simama upande wa pili wa barabara, piga picha ya kibanda, kisha uone ni rangi gani inayoonekana kwanza. Kama mlango tayari ni wa buluu na huna mpango wa kupaka rangi mwaka huu, basi rangi ya kadi yako imeshapatikana. Ni rahisi zaidi kuifuata kadi mlango kuliko mlango kuifuata kadi. Kama unapanga kupaka upya, chapisha kadi kwanza, uipeleke kwenye duka la rangi, ulinganishe na orodha yao ya rangi mchana, nje kwenye mwanga wa jua.

Kuna rangi mbili za kuangalia kwa makini kabla ya kuamua. Ya kwanza ni ya siasa. Machungwa yaliyokolea humkumbusha Mkenya ODM, na manjano pamoja na kijani humkumbusha UDA. Si kwamba huwezi kutumia rangi hizo kabisa, lakini kipeperushi cha manjano na kijani kikigawiwa msimu wa kampeni, wengine watakitupa kabla ya kusoma kwamba unashona. Ya pili ni ya huduma za malipo. Kijani cha M-Pesa na nyekundu ya Airtel Money watu wanazitambua kutoka mbali. Ukifanya kadi nzima iwe kijani hicho, anayeiona haraka haraka atadhani wewe ni wakala wa kutoa pesa. Weka nembo ya huduma unayopokea malipo nayo kwa rangi zake za asili, ndogo, juu ya nyeupe. Rangi nyingine zote ziwe zako.

Rangi tatu, kila moja na kazi yake

Tuchukue mfano wa fundi wa nguo Kawangware. Anashona sare za shule Januari, Mei na Agosti, na magauni ya kitenge miezi mingine. Mlango wake wa mabati umepakwa buluu ya giza. Anataka kadi na kipeperushi.

Atumie rangi tatu tu, na kila moja apewe kazi. Nyeupe ni uwanja. Inachukua zaidi ya nusu ya kadi, karibu asilimia 60. Buluu iliyokolea, ile watu huita nevi bluu, inachukua kama asilimia 30. Hiyo inabeba jina la biashara, nambari ya simu na nambari ya Till. Rangi ya haradali, manjano iliyotulia, inachukua asilimia 10 iliyobaki. Inatumika kwenye mstari mmoja chini ya jina au kwenye mchoro mdogo wa mkasi.

Nyeupe nyingi ina sababu. Magauni ya kitenge tayari yana rangi nne au tano. Picha ya gauni hilo ikiwekwa juu ya uwanja wa machungwa au zambarau, rangi zinagombana na jicho halijui litulie wapi. Juu ya nyeupe, kitenge kinajitangaza chenyewe, na mteja anaona mshono.

Haradali nayo ina mpaka wake. Isibebe maandishi juu ya nyeupe. Manjano juu ya nyeupe haisomeki, hasa jioni chini ya balbu. Ukitaka kuandika kwa haradali, iandike ndani ya sehemu ya buluu. Hapo inasomeka vizuri.

Nambari isomeke kabla kadi haijapendeza

Kadi yenye nambari isiyosomeka inaleta shida mbaya kuliko ubaya wa sura. Mteja akisoma 3 badala ya 8, pesa zinakwenda kwa mtu mwingine. Baada ya hapo, hata ukimsaidia kuomba zirudishwe, wasiwasi umeshaingia.

Kinachofanya nambari isomeke ni tofauti ya giza na mwanga kati ya herufi na uwanja. Nyekundu juu ya kijani ni rangi mbili tofauti kabisa, lakini giza lao linakaribiana, kwa hiyo herufi zinaonekana kama zinatetemeka. Kuna pia watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani vizuri. Kwao nambari hiyo ni kama haipo.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kompyuta. Piga picha muundo wa kadi yako, fungua sehemu ya kuhariri picha kwenye simu, uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Kama nambari bado inajitokeza wazi, rangi zako ziko sawa. Kama herufi na uwanja vimekuwa kijivu kimoja, badilisha. Kisha mpe kadi mtu aliyevuka miaka 50, bila miwani yake, umwombe akusomee nambari ya Till kwa sauti. Akikosea tarakimu moja, ongeza ukubwa au giza la rangi.

Ukiweka msimbo wa QR wa malipo, sheria ni kali zaidi. Miraba iwe nyeusi au buluu ya giza, uwanja uwe mweupe, na usigeuze kinyume chake hata kama dizaina anasema inapendeza, kwa sababu simu nyingine hushindwa kusoma msimbo uliogeuzwa. Usitumie haradali kwenye msimbo. Acha nafasi nyeupe pande zote, upana wa angalau miraba minne midogo ya msimbo wenyewe. Upande mmoja usipungue sentimita 2. Ujaribu kwa simu mbili, moja mpya na moja yenye kamera ya zamani.

Halafu kuna jina. Andika kwa rangi ile iliyokolea jina lile lile linalotokea kwenye simu ya mteja anapokulipa. Kama kadi inasema jina moja na simu inaonyesha lingine, ongeza mstari mfupi: "Ukilipa utaona jina…" Mstari huo unamwondolea mteja shaka wakati ule anapokaribia kubonyeza.

Simu inaonyesha hivi, printa inatoa vile

Hapa ndipo pesa za wengi hupotea. Fundi wetu ameona buluu nzuri kwenye simu, ameagiza kadi 500, zimekuja zote za zambarau. Mchapishaji anasema faili ndivyo ilivyokuwa. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Printa inatengeneza rangi kwa wino nne zinazoitwa C, M, Y na K. C ni samawati, M ni waridi ya kukolea, Y ni manjano, K ni nyeusi. Kuna rangi ambazo mwanga unaweza kuzitoa na wino hauwezi, hasa kijani kinachong'aa, machungwa makali na buluu ya umeme. Zikifika kwenye karatasi, zinapoa. Buluu ina shida ya ziada: inatengenezwa kwa C na M, na M ikikaribia kiasi cha C, rangi inaegemea zambarau. Wachapishaji wenye uzoefu huacha tofauti ya angalau 30 kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo usimwambie dizaina "weka buluu nzuri". Mpe nambari. Kwa fundi wetu zingekuwa hivi:

```
Buluu      C 100  M 70  Y 0   K 50
Haradali   C 0    M 30  Y 90  K 5
Herufi ndogo  K 100 peke yake
```

Mstari wa tatu una maana yake. Herufi ndogo zikichapwa kwa wino tatu au nne, wino mmoja ukisogea hata kidogo sana, herufi inapata kivuli pembeni na inaonekana chafu. Ikiwa ya nyeusi peke yake, hakuna cha kusogea. Jina kubwa na nambari kubwa vinaweza kuwa vya buluu. Mahali ulipo, saa za kazi na huduma zako viwe vyeusi.

Kwa picha za WhatsApp na Facebook, tumia nambari za kioo zinazokaribia wino huo, kwa mfano `#12284B` kwa buluu na `#F0A81C` kwa haradali. Hazitafanana na karatasi kwa asilimia mia, lakini mteja ataona ni familia moja.

Faili itumwe kwa mchapishaji kama hati ya PDF. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa, kingo za herufi zinavurugika, na faili inabaki na rangi za mwanga ambazo mashine italazimika kuzikadiria.

Na kabla ya kulipia zote, omba moja. Lipa gharama ya sampuli moja, kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Iangalie nje mchana, kisha ndani ya kibanda chako jioni. Ukiridhika, andika tarehe nyuma yake na uihifadhi. Miezi sita baadaye ukirudi kuchapa, hata kwa mchapishaji mwingine, utampa sampuli hiyo na zile nambari, na kadi mpya itafanana na ya zamani.

Kwa saluni: nywele zionekane

Msusi ana tatizo tofauti na la fundi. Kitenge kina rangi nyingi, lakini nywele nyingi ni nyeusi. Vipeperushi vingi vya saluni vina uwanja mweusi na maandishi ya dhahabu, kwa sababu vinaonekana vya kifahari kwenye simu. Vikichapwa, sehemu za giza huzidi kuwa giza. Mistari iliyosukwa kwa saa tano inamezwa na uwanja, na kinachobaki ni uso unaoelea.

Tumia uwanja mwepesi lakini usiong'aa sana: rangi ya maziwa, au kijivu hafifu. Piga picha mteja akiwa amesimama mbele ya ukuta wa rangi hiyo. Ukuta mweupe kabisa wenye jua hufanya kamera ya simu ipunguze mwanga, na uso wa mteja unatoka mweusi kuliko ulivyo. Gusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga, ili kamera ipime mwanga wa uso. Kabla ya kupeleka kuchapwa, ongeza mwangaza kidogo, kwa sababu karatasi itaurudisha chini.

Kwa rangi ya jina na nambari, maruni iliyokolea inakaa vizuri na rangi ya maziwa:

```
Maruni     C 30   M 100  Y 70  K 40
Maziwa     C 0    M 3    Y 12  K 0
```

Sababu kubwa ya uwanja uliotulia ni braidi zenyewe. Mteja anajua nambari zake: 1B, 27, 33, 350. Akiona kwenye kipeperushi chako braidi za 350, ile ya shaba, juu ya uwanja wa waridi mkali au baada ya kichujio cha picha, atakuja akitaka rangi ambayo haipo dukani. Ukimwekea 350 ya kweli, atahisi umembadilishia. Usitumie vichujio kwenye picha za kipeperushi, na andika nambari ya braidi chini ya kila picha kwa herufi nyeusi. Akikuja tayari anajua atapata nini, hamtabishana kuhusu pesa mwishoni.

Nyuma ya kadi ibaki nyeupe

Kwa fundi na kwa msusi, tunapendekeza upande wa nyuma uwe mweupe, bila rangi na bila plastiki inayong'aa. Biro haishiki kwenye plastiki hiyo. Wino unateleza, na ukigusa kwa kidole unafutika. Omba karatasi ya gramu 300, upande wa mbele upakwe ukipenda, upande wa nyuma uachwe kama ulivyo.

Chapa hapo mistari minne kwa nyeusi tupu: Kazi, Dipoziti, Salio, Tarehe ya kuchukua. Mteja wa gauni la shilingi 3,000 akikutumia 1,500, jaza mistari hiyo mbele yake: gauni la kitenge, dipoziti 1,500, salio 1,500, Ijumaa saa kumi jioni. Anaondoka na kadi yenye jina linalofanana na lile la kwenye ujumbe wa malipo, rangi inayofanana na mlango aliotokea, na mwandiko wako wa tarehe.

Rangi zako zitamfikisha hapo. Ijumaa saa kumi ikifika, gauni nalo liwe limepigwa pasi na kutundikwa.